Kukausha tumbaku kwa hewa, kwa mvuke na kwa jua: kemikali za saratani huzaliwa wapi?

Muuzaji mmoja wa tambuu katika mtaa wa Langoni, hapa Lamu, huweka tumbaku yake ndani ya mkebe wenye kifuniko. Mteja akitaka iliyo kali, humtolea jani jeusi lililokunjamana, lenye unyevu kidogo, akalikatakata juu ya jani la mtambuu lililokwisha kupakwa chokaa na kutiwa popoo. Nilipomuuliza kuhusu madhara yake alinijibu kwa upole, "Hili ni jani tupu, mwanangu, halikutiwa dawa yoyote." Alisema kweli kwa jinsi anavyojua, na wengi wetu tunaamini vivyo hivyo. Lakini kemikali zinazotajwa sana katika saratani ya tumbaku isiyovutwa hazihitaji kutiwa na mtu, kwa sababu hujitengeneza ndani ya jani lenyewe baada ya kuvunwa, na kiasi chake hutegemea sana namna jani lilivyokaushwa.

Kemikali hizo huitwa nitrosamini za tumbaku, na zilizo hatari zaidi ni mbili, NNN na NNK, ambazo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Jani bichi la tumbaku, likiwa bado shambani, huwa karibu halina nitrosamini hata kidogo. Lina viungo tu vya kuzitengenezea: upande mmoja nikotini na ndugu yake nonikotini, na upande wa pili nitrati ambayo mmea umeifyonza kutoka kwenye udongo na mbolea. Nitrati peke yake haitoshi. Sharti kwanza igeuzwe kuwa nitriti, na kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya jani. Nitriti ikikutana na nonikotini hutokea NNN, na ikikutana na nikotini huweza kutokea NNK.

Kukausha tumbaku, basi, si kuondoa maji peke yake kama tunavyoanika ng'onda. Jani lililokatwa huendelea kuishi kwa siku kadhaa, likitumia wanga na sukari yake, na rangi ya kijani ikigeuka manjano. Wakulima huliacha lipite hatua hiyo kwa makusudi, maana likikauka kabla ya kuwa manjano hubaki na ukijani na ladha ya nyasi, wala halipati mnunuzi.

Njia ya hewa ndiyo ya kutazamwa kwa karibu. Mkulima hukata shina zima, akalining'iniza juu chini ndani ya banda lenye paa na kuta zenye mianya, bila moto wowote, na kuliacha kwa wiki sita hadi nane. Katika siku kumi au kumi na mbili za mwanzo jani huwa manjano, na nitrosamini bado ni chache mno. Kisha huanza kuwa la kahawia, na hapo ndipo penye jambo. Rangi ya kahawia ni alama kwamba seli za jani zimekufa na ngozi zake zimepasuka, hivyo nitrati, sukari na nikotini zilizokuwa zimefungiwa ndani humwagika. Bakteria hupata chakula na maji kwa pamoja, na nitriti huanza kupanda. Sehemu kubwa ya nitrosamini za jani la hewa huzaliwa katika siku hizo chache, tangu manjano yanapokwisha hadi jani linapokauka kabisa. Banda likiwa na unyevunyevu na hewa haipiti, siku hizo hurefuka, na nitrosamini huongezeka. Na mkulima yumo katika mtihani, kwa kuwa akifungua banda sana jani hukauka haraka, likabaki na mabaka ya manjano, na bei ikashuka. Unyevu uleule unaompa jani zuri la kahawia ndio unaowapa bakteria nafasi.

Tumbaku ya mvuke, kama wakulima wa Tabora na Urambo wanavyoiita, hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia lililofungwa, kwa hewa iliyopashwa moto, na jani halikusudiwi kuguswa na moshi. Moto huwashwa nje, na joto hupita ndani ya mabomba ya bati. Joto huanza kwenye nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi ili jani liwe manjano, kisha hupandishwa hatua kwa hatua mpaka kwenye nyuzi 70 au zaidi ili vikonyo navyo vikauke, na kazi yote humalizika kwa muda wa wiki moja hivi. Jani hukauka likiwa bado manjano, sukari yake ikiwa imebaki, na bakteria hawapati zile siku za kahawia. Kwa hiyo, jani la mvuke lilitarajiwa kuwa na nitrosamini kidogo.

Hata hivyo, huko Marekani, kuanzia miaka ya 1970, mabani mengi yalifungwa majiko ya gesi yaliyopuliza hewa ya moto pamoja na gesi za mwako moja kwa moja juu ya majani. Haukuonekana moshi, wala jani halikubadilika rangi wala harufu, na hakuna aliyeshuku kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walitambua kwamba oksidi za nitrojeni kutoka kwenye mwale wa gesi zilikuwa zikiungana na nikotini na ndugu zake, na kutengeneza nitrosamini bila bakteria kuhusika. Tiba yake ilikuwa kurudia wazo la zamani: kutenganisha mwako na jani, ili hewa ipashwe joto kupitia ukuta wa chuma na gesi zitoke nje kwa dohani. Wakulima walianza kubadilisha majiko yao mnamo 2000 na 2001, na nitrosamini katika jani la mvuke zikapungua sana.

Jani la jua nalo lina nitrosamini chache kwa kawaida, lakini sifa si ya jua peke yake. Majani ya Uturuki na Ugiriki yanayokaushwa hivyo ni madogo, hutungwa kwenye uzi na kuanikwa, na hulimwa kwenye udongo mkavu usio na mbolea nyingi, hivyo nitrati yake ni ndogo tangu mwanzo. Jani kubwa lililonenepeshwa kwa mbolea ya nitrojeni halitapata usalama huo kwa kuanikwa tu.

Kwa mvutaji wa sigara tofauti hizi hazileti nafuu ya kutegemea, kwa sababu moto wa sigara wenyewe huzalisha benzini, benzopaireni na mengineyo kutoka kwenye jani lolote, hata liwe limekaushwa vizuri namna gani. Lakini anayekula tambuu hachomi kitu. Kilichozaliwa bandani ndicho kinachokaa shavuni mwake, tena pamoja na popoo, ambayo nayo imo katika kundi lile la kwanza. NNN hasa huhusishwa na saratani ya kinywa na ya umio.

Wala jicho, pua au ulimi hauwezi kuipima. Maabara tu ndiyo iwezayo. Ukali anaousifu mteja ni wa nikotini, inayoachiliwa upesi zaidi kwa chokaa, na hausemi lolote kuhusu nitrosamini. Na jani likihifadhiwa na unyevu wake katika joto letu la pwani, bakteria walio hai huweza kuendelea na kazi yao hata baada ya kutoka bandani, ndani ya ule mkebe wenye kifuniko.