Geuza kopo, nipigie picha ya nyuma

Dada mmoja wa Mwanjelwa kanitumia picha ya kopo la vidonge WhatsApp, dole gumba lenye rangi nyekundu limeziba nusu ya lebo, anauliza eti hii kweli inaotesha nywele na kulainisha ngozi. Nikamwambia dadangu, geuza kopo, nipigie nyuma, mbele pale ni pa muuzaji.

Nyuma pakaandikwa: vidonge viwili kwa siku vina kolajeni, ile protini ya ngozi, mg 200 na bayotini, ambayo ni vitamini, mcg 10,000. Hizo namba maabara inaweza kuzipima ikasema ni kweli au uongo. Ila sasa hata kama ni kweli, zinatosha? Tafiti nyingi zilizoona ngozi imeongezeka unyevu kidogo zilitumia kolajeni gramu 2.5 mpaka 10 kwa siku, kwa wiki nane na kuendelea, na nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Kufika gramu 2.5 huyu dada ameze vidonge 25 kwa siku, kopo la vidonge 60 siku ya tatu halimalizi!

Mbele kumeandikwa "mng'ao wa ujana kutoka ndani". Unyevu wa ngozi una kifaa chake cha kupimia, mng'ao wa ujana hauna, kwa hiyo hayo hakuna wa kuyakanusha, ndo maana wanayaandika. Akaniambia lakini nywele zimerefuka sentimita tatu kwa miezi mitatu, nikacheka, maana nywele za kawaida zinakua kama sentimita moja kwa mwezi hata bila kidonge.

Kilichonitisha mimi mtu wa maabara ni ile bayotini. Mtu mzima anahitaji kama mcg 30 kwa siku, na chakula cha kawaida kinampa, yai moja la kuchemsha lina kama 10. Hiyo ya kwenye kopo ni zaidi ya mara 300. Haikuui, inatoka kwenye mkojo, shida ni kwamba baadhi ya mashine zetu za kupima homoni zinatumia bayotini hiyohiyo kunasia kipimo, sasa damu ikija imejaa ya kwako majibu yanapinda: TSH, homoni inayoiamrisha tezi, inashuka, T4, homoni ya tezi yenyewe, inapanda, unaonekana tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi wakati mzima kabisa. Na huku kwetu nyanda za juu goita tunaijua toka zamani, daktari akiona majibu hayo hashangai, anaweza kukuanzishia dawa. Mbaya zaidi ni troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, hiyo inaweza kusoma chini, mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Dalili yake ni majibu kugombana na mwili: karatasi inasema tezi imechachamaa ila moyo haukimbii, hutetemeki, hujakonda. Hapo mwambie daktari unameza nini, acha walau siku mbili, urudie kipimo.

Dada mwenyewe alikuwa na kipimo cha tezi Alhamisi. Kopo kalirudisha dukani, wamekataa, eti limeshafunguliwa.