Zamu Inapomfikia Mtoto Mwenye Haya: Hisia na Kupokezana katika Kikao cha Duara

Walimu wa chekechea ninaofanya kazi nao huniuliza mara kwa mara namna ya kumfanya mtoto mwenye haya azungumze anapoketi na wenzake kwenye duara. Kabla ya kuwajibu, huwaomba wachunguze kwanza kinachotokea katika zile sekunde chache kabla zamu haijamfikia. Mtoto mchangamfu hutaabika kusubiri: hudakia jibu la mwenzake, husogea katikati, hunyakua mpira wa kupokezana zamu kabla haujafika kwake. Mtoto mwenye haya husubiri kwa utulivu, ila kuipokea zamu ndiko kunakomlemea, kwa sababu hapo macho yote humgeukia kwa pamoja. Mchezo mmoja wa kupokezana, basi, unawataka watoto hawa wawili wajifunze mambo tofauti kabisa, na mwalimu asipolitambua hilo ataishia kumsifu mtoto mwenye haya kwa utulivu wake ilhali kikao kimepita bila yeye kushiriki.

Duara linalomfaa mtoto huyu ni dogo, lenye watoto 6 hadi 8, na kikao hakizidi dakika 10 hivi. Mwenye darasa kubwa anaweza kukaa na kundi moja kila siku huku wengine wakichora au wakijenga kwa vibao karibu naye. Mahali pa kuketi pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Mtoto mwenye haya akiwa wa kwanza, hana aliyemtangulia wa kumwiga. Akiwa wa mwisho, hofu humzidi kila mwenzake anapomaliza. Mimi humweka wa tatu au wa nne, kando ya mtoto ambaye hucheza naye, na si mkabala na mwalimu, kwa maana mtu aliyeketi mkabala nasi ndiye tunayemkodolea macho bila kukusudia. Zamu nayo huzunguka upande uleule kila siku, ikifuata kitu kilekile, kwa mfano mpira mdogo laini, ili mtoto aone inavyokuja. Kuitwa jina ghafla kutoka upande wa pili wa duara humfundisha jambo moja tu, kwamba hapo hakuna wakati wa kutulia.

Kuhusu hisia, ninaanza na nne tu, yaani furaha, huzuni, hasira na woga, kila moja ikiwa na kadi iliyochorwa uso. Siulizi, "Wewe unajisikiaje leo?" Swali hilo ni zito kwa mtoto wa miaka minne anayeona haya, kwani linamtaka ajichunguze, atafute neno, kisha ajifunue mbele ya watu, yote kwa mara moja. Badala yake ninatumia kikaragosi aliyepatwa na jambo: alikuwa akijenga mnara wa vibao, mwenzake akapita mbio, mnara ukaanguka. Watoto wanasema kikaragosi anahisi nini. Kisa hiki kinafaa kwa kuwa kina majibu zaidi ya moja yaliyo sahihi; mmoja ataona hasira, mwingine huzuni, na hakuna atakayekosea.

Kujibu kwenyewe kuna njia kadhaa. Mtoto anaweza kulitaja neno, anaweza kuiweka kadi mbele ya kikaragosi, anaweza kumnong'oneza kikaragosi sikioni, au anaweza kusema "napisha" na kuupeleka mpira mbele. Asiyeweza hata kulisema hilo huusukuma tu mpira kwa jirani yake, na hiyo nayo ni zamu iliyokamilika. Sharti ni kwamba njia zote ziwe wazi kwa watoto wote, na mwalimu mwenyewe azitumie: siku moja ataje neno, siku nyingine aweke kadi bila kusema lolote. Kadi ikiwa ya mtoto mmoja tu, wenzake wataligundua hilo upesi, na msaada utageuka kuwa alama ya kumtenga.

Chukulia mfano wa msichana wa miaka minne ambaye nyumbani ni msemaji na kwenye duara hutazama magoti yake. Katika vikao vya mwanzo anausukuma mpira tu. Mwalimu hamsihi wala hamwongezei swali. Anasema "Asante," kisha anamgeukia mtoto anayefuata. Baadaye msichana ananyoosha mkono na kuiweka kadi ya hasira. Hapa walimu wengi huharibu kwa kushangilia, darasa zima likapiga makofi, na siku inayofuata mtoto akarudi kwenye magoti yake, maana amepata kilekile alichokuwa akikiogopa. Inatosha mwalimu kuitamka kadi kwa sauti ya kawaida: "Umeweka hasira. Kikaragosi amekasirika, mnara wake umeanguka." Mtoto amelisikia neno likifungamanishwa na kisa, na hakudaiwa kitu kingine. Akishazoea kuweka kadi, mwalimu anaitamka nusu tu, "Kikaragosi amekuwa na...," kisha ananyamaza akihesabu moyoni hadi tano. Sekunde hizo ni ndefu kwa mtu mzima, ndiyo maana hukatizwa mapema mno. Neno likija, hata kwa mnong'ono, linapokewa kama lilivyo, bila kuambiwa "sema kwa sauti". Lisipokuja, mwalimu analimalizia mwenyewe kwa upole na zamu inaendelea.

Wakati huohuo jirani mchangamfu atataka kumjibia. Huu ndio wakati wake wa kujifunza kusubiri, nami humwambia, "Mpira uko kwa mwenzako, tumpe muda," huku nikimtazama yeye, si yule mwenye haya.

Hata mtoto akishaanza kutamka, usiharakishe kuamini kwamba ameielewa hisia. Wengi hurudia neno la aliyewatangulia, au hujibu "furaha" kila siku kwa kuwa ndilo jibu linalowapendeza wakubwa. Njia ya kupambanua ni kukibadilisha kisa kidogo: safari hii mwenzake amerudi na kumsaidia kuujenga mnara upya. Mtoto aliyeelewa atabadilisha kadi, na anayerudia tu ataiacha ileile. Vilevile unaweza kuwauliza watoto waonyeshe mikono ya kikaragosi ikoje anapokasirika, au mabega yake yakoje anapoogopa. Anayekunja ngumi amejibu swali kikamilifu, hata kama hajafungua mdomo. Mtoto huhamia kwenye hisia zake mwenyewe taratibu, kwa maneno kama "Hata mimi," anayoyasema akiwa bado anamtazama kikaragosi.

Duara lina mpaka wake pia. Mtoto ambaye nyumbani huzungumza kwa uhuru lakini shuleni hasemi kabisa kwa zaidi ya mwezi mmoja, bila kuuhesabu mwezi wa kwanza wa kuanza shule, huenda ana tatizo la wasiwasi ambalo linahitaji mtaalamu, na kulichelewesha kwa kuliita haya ni kumwongezea ugumu. Kabla ya hapo ni vyema masikio yake yapimwe, na mwalimu ajue kama lugha ya darasani ndiyo anayoizungumza nyumbani, kwa kuwa anayejifunza lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa muda huku akisikiliza. Kinachomfaa mtaalamu zaidi ni maelezo mafupi ya mwalimu na wazazi kuhusu mahali ambapo mtoto huzungumza, watu anaozungumza nao, na sauti inapokatika: kwenye lango la shule, mlangoni mwa darasa, au pale tu mtu mzima anapokaribia.