Vita vya Shela: Nani Alitangulia, Ushindi au Liwali wa Omani?

Kila nikisahihisha swali la Vita vya Shela, nakuta jibu lile lile limeandikwa kwa miandiko tofauti: "Seyyid Said alileta liwali na kujenga ngome Lamu, kwa hivyo Walamu wakawashinda Wamazrui wa Mombasa na Wapate." Ukilisoma haraka utaliwekea alama ya vema. Majina yote ni sahihi. Liwali alikuja kweli, ngome ipo, na Walamu walishinda.

Dhana: Lamu ilishinda kwa sababu ya ulinzi wa Omani.

Ukweli ni kinyume chake. Vita vilipiganwa mnamo 1812, na wengine huandika 1813. Majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela, ufuoni karibu na mji wa Lamu, Walamu wakayapiga wenyewe. Baada ya ushindi huo ndipo hofu ilipoingia mjini: Mombasa ingali na nguvu, Pate iko jirani, na aliyeshindwa leo atarudi kesho. Walamu wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said, mtawala wa Omani, kumwomba ulinzi. Naye alikuwa na hamu yake, maana Wamazrui walikuwa wamekataa kuutambua utawala wa Mabusaidi, ukoo wake. Akaleta liwali na askari, na ngome ikakamilika 1821.

Kwa hiyo mwanafunzi ameyapindua mambo mawili kwa pamoja. Ameweka liwali mbele ya vita, kisha akalifanya tokeo la vita kuwa sababu ya ushindi. Kosa la pili limezaliwa na la kwanza, ndiyo maana kumwandikia "mwaka si sahihi" peke yake hakumsaidii. Atabadilisha tarakimu na kuacha "kwa hivyo" yake pale pale.

Mimi hufanya hivi: nazungushia duara viungo vyote, yaani *kwa hivyo, ndipo, kwa sababu, ikasababisha*. Pembeni mwa kila kiungo naandika miaka ya pande zake mbili. Hapo sentensi inajifichua: upande wa kushoto 1821, upande wa kulia 1812. Ngome iliyokamilika miaka tisa baadaye haiwezi kuwa sababu ya ushindi. Na kwa watoto wetu wa Lamu nina swali jingine, rahisi zaidi: vita vilikuwa wapi, na ngome iko wapi? Ngome iko katikati ya mji, Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi ufuoni.

Dhana: tukio ama ni sababu ama ni tokeo, haliwezi kuwa yote mawili.

Hofu ya kisasi ni tokeo la vita, na hiyo hiyo ni sababu ya kumwita Seyyid Said. Mwanafunzi akiiweka kwenye orodha ya matokeo, nampa alama. Akiiweka kwenye sababu, namwuliza kwanza: sababu ya nini? Akijibu "ya vita" amekosea, akijibu "ya kuja kwa Omani" yuko sawa. Mara nyingi kosa si la mwanafunzi, ni la msahihishaji aliye na orodha mbili mkononi.

Dhana: kikitangulia tu, basi ni sababu.

Hapa ndipo wanafunzi wazuri hujikwaa. Masimulizi ya Lamu husema wavamizi walipokimbilia majahazi yao, maji yalikuwa yamekupwa na majahazi yamekwama mchangani, wengi wakauawa ufuoni. Mmoja akaniandikia: "Walamu walishinda kwa sababu maji yalikupwa." Nikamwambia, "Mwanangu, soma tena. Walikimbilia majahazi wakiwa katika hali gani?" Akafikiri. "Wameshashindwa, mwalimu." Katika masimulizi hayo, basi, kupwa kunaeleza kwa nini waliuawa wengi, si kwa nini walishindwa. Yote yametokea siku moja, kwa hiyo hakuna mwaka wa kukuokoa. Itakubidi ufuate hatua kwa hatua nani alikuwa wapi.

Dhana: Seyyid Said alihamia Unguja, ndipo akaitia Lamu mkononi.

Hii ni ya kupita haraka. Makao yake huhesabiwa kuhamia Unguja 1840, na Mombasa yenyewe aliipata 1837. Lamu ilikuwa imeshapokea liwali wake zamani. Tena afadhali kuigeuza: kupata Lamu kulimpa pa kusimama pwani ya kaskazini alipokuwa akiwakabili Wamazrui.

Dhana: ngome ya Lamu ni ya Wareno.

Naikuta hata kwa watu wazima, nadhani kwa kuichanganya na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593. Wareno walipoteza ngome hiyo ya Mombasa 1698, zaidi ya karne moja kabla ya ngome yetu kukamilika.

Jibu lile la mwanzo nililirudisha bila kuongeza hata jina moja. Nilimwambia aliandike upya kwa majina yale yale, ahamishe "kwa hivyo" na aseme kwa nini Seyyid Said aliitwa. Likarudi hivi: "Walamu waliwashinda Wamazrui na Wapate, wakaogopa kisasi, kwa hivyo wakamwita Seyyid Said, naye akaleta liwali na kujenga ngome."