Hela ya majaribio haikatwi yote kwenye bei ya harusi

Kila Pasaka inapokaribia, maharusi wa Dodoma waliosubiri Kwaresima iishe huanza kupiga simu, na swali la kwanza ni lile lile: "Dada, hiyo hela ya mekapu ya majaribio si utaikata kwenye ya harusi?" Mteja simlaumu. Kinachoniumiza ni kwamba wapambaji wenzangu nao wameipokea kama sheria, wanajibu "ndiyo, yote" kabla hata hawajapiga hesabu. Nimechoka kuisikia, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Dhana: Bibi harusi akikuchukua, majaribio yawe bure, hela yote ikatwe.

Ukweli ni kwamba majaribio ni kazi kamili iliyofanyika kwenye uso kamili. Kope zikishabandikwa na kukatwa kwa jicho la mtu hazirudi kwenye boksi. Tuchukue saluni moja ya kawaida, tuseme Area D au Kisasa. Bei ya mekapu ya harusi ni Sh 350,000. Majaribio huchukua saa 3 ukihesabu mazungumzo, kuandaa ngozi, mekapu yenyewe, picha na kuandika kumbukumbu. Kope na gluu Sh 8,000. Sponji na brashi za kutupa Sh 4,000. Praima, faundesheni, konsila, poda na sprei vinavyotumika, tukadirie Sh 13,000. Msaidizi Sh 8,000. Sehemu ya kodi ya fremu na umeme Sh 7,000. Jumla Sh 40,000 zimetoka mfukoni kabla mpambaji hajajilipa hata shilingi. Akiweka Sh 50,000 kama ujira wa saa hizo 3, bei ya majaribio inakuwa Sh 90,000.

Sasa waje maharusi wanne. Mpambaji ameahidi kukata yote. Wawili wakishika tarehe na wawili wasirudi, zinabaki Sh 180,000 za wale ambao hawakurudi. Toa gharama za nyuso nne, Sh 160,000, na kwa saa 12 za kazi amebakiwa na Sh 20,000. Wakivutiwa wote wanne, ndiyo anaumia zaidi: hela yote ya majaribio imekatwa, na zile Sh 160,000 zinatoka kwenye mapato ya harusi. Mpango wa kukata yote unamwadhibu mpambaji kadiri anavyofanya kazi vizuri. Ndiyo maana wengi wanajikuta Jumamosi zimejaa na bado wanakopa hela ya kununua faundesheni.

Wengine hukimbilia kupandisha bei ya harusi iwe Sh 390,000 ili waweze kusema majaribio ni bure. Gharama inarudi, ni kweli. Lakini bibi harusi anayetoka Kondoa au Mpwapwa, anayefika siku yenyewe bila majaribio, analipia uso ambao hakupakwa. Mimi hilo silikubali.

Ninachoshauri, na nitakisema kila atakayenisikiliza: punguza ujira wako, usipunguze gharama. Katika zile Sh 90,000, Sh 50,000 zikatwe kwenye bei ya harusi na Sh 40,000 zibaki. Rudia hesabu. Wote wanne wakirudi, Sh 160,000 zinafunika gharama zote na hakuna kilichopotea. Wakirudi wawili, mpambaji anabaki na Sh 100,000 kwa kazi yake. Bibi harusi naye, kwa majaribio na harusi, amelipa Sh 390,000 badala ya 440,000, na huo ni unafuu wa kweli.

Unafuu huo uwe na muda. Siku 14 zinatosha familia kuongea na kamati. Bila muda, dada anakuja Februari, anazunguka saluni nyingine tatu, halafu Agosti anarudi kudai punguzo wakati bei ya vifaa imeshapanda. Na masharti yaandikwe kabla brashi haijagusa uso. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mfupi hivi:

"Majaribio ni Sh 90,000. Ukilipa advansi ndani ya siku 14, Sh 50,000 inakatwa kwenye bei ya harusi. Sh 40,000 ni ya vifaa na gharama za saluni, haikatwi wala hairudishwi. Tarehe inashikwa na advansi, si na majaribio."

Kukata yote kunafaa pale tu kazi ni kubwa. Mteja akikupa sendofu, harusi, matroni na mama mzazi kwa pamoja, faida ya jumla inabeba Sh 40,000 bila kuyumba. Hapo kata, tena kwa moyo mweupe. Kwa uso mmoja wa Sh 350,000, hapana.

Dhana: Majaribio yawe nusu ya bei ya harusi.

Nusu hiyo haina msingi. Bei ya harusi imebeba kuamka alfajiri, usafiri hadi nyumbani au hotelini, kusubiri kurekebisha kabla ya ukumbini, na Jumamosi ambayo huwezi kumpa mtu mwingine. Majaribio ya Jumanne saluni hayana hayo, ila vifaa ni vile vile. Anza na gharama zako, ongeza saa zako, basi. Ukipata chini ya gharama ya vifaa, hiyo si bei.

Dhana: Nimeshafanya majaribio, tarehe yangu ipo.

Haipo. Bila advansi, Jumamosi hiyo inaweza kwenda kwa mwingine asubuhi ya kesho yake.

Dhana: Sendofu itakuwa ndiyo majaribio yangu.

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, tutaona kwenye sendofu, hela mbili za nini?" Nilimjibu kwa heshima, "Mama, kwenye sendofu picha zinapigwa." Gluu ikimwasha binti macho saa moja usiku, wageni wameshakaa. Siku ya majaribio unaweza kufuta na kuanza upya, na macho yakivimba kesho yake kuna nafasi ya kutafuta gluu nyingine. Halafu sendofu ni usiku chini ya taa za ukumbi, wakati harusi huanzia kanisani au msikitini mchana, na rangi iliyopendeza kwenye taa inaweza kuonekana kijivu juani.

Dhana: Majaribio ukiyafanya mapema zaidi ndiyo vizuri zaidi.

Kwa Dodoma hapana. Ngozi ya Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, si ngozi ya Julai, baridi na upepo mkavu vikiwa vimeikausha. Faundesheni iliyokaa laini Machi hupasuka pembeni ya pua na mdomo Julai, na poda nyingi inaongeza ubaya. Ukitaka kujua, usimwachie mteja aondoke baada ya kioo. Mtoe nje kwenye mwanga, piga picha ya dirishani na moja ya flashi, kisha mwombe akae na mekapu saa 5 au 6 akutumie picha nyingine. Michirizi ikitokea pale puani, unapunguza poda na kuongeza mafuta ya kuandaa ngozi. Nafanya wiki 3 hadi 6 kabla ya harusi, msimu ule ule. Aliyetaka kuja miezi mitano kabla namkaribisha, ila namwambia wazi kwamba huenda tukarudia, na marudio hayo yanalipiwa zile Sh 40,000 za gharama.