Kusogea juu ya mkunjo wa ugavi na kuhama kwa mkunjo wenyewe

Mkunjo wa ugavi ni mstari unaojibu swali moja: kwa kila bei, wauzaji wako tayari kuleta mzigo kiasi gani sokoni? Bei husomwa kwenye mhimili uliosimama, kiasi kwenye mhimili uliolala. Mstari huo huchorwa kwa sharti kwamba mambo mengine yote yametulia: gharama ya mbolea, nauli ya lori, mvua, idadi ya wakulima. Tofauti tunayoitafuta imejificha kwenye sharti hilo.

Tuchukue soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, Dodoma. Tarakimu za soko hapa ni za mfano tu. Tuseme kilo ikiuzwa shilingi 500, wakulima huleta tani 200 kwa wiki. Ikifika 600, huleta tani 300. Ikifika 700, tani 400. Kwa kanuni, Q = P − 300, ambapo Q ni tani na P ni bei ya kilo.

Sasa wanunuzi wameongezeka, bei imepanda kutoka 600 hadi 700. Mkulima aliyekuwa na magunia ghalani anayatoa, na wa kijiji cha mbali anaona nauli sasa inalipa. Mzigo unafika tani 400. Hapo mkunjo haujaguswa, maana tani 400 kwa bei ya 700 zilikuwamo kwenye mstari tangu mwanzo. Tumesogea tu kutoka nukta moja hadi nyingine. Wachumi husema kiasi kinachouzwa kimeongezeka. Hawasemi ugavi umeongezeka.

Turudi kwenye bei ya 600, kisha tubadilishe mbolea. Katika msimu wa 2022/23, serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku iliyoshusha mfuko wa kilo 50 wa urea hadi shilingi 70,000. Ruzuku ya aina hiyo ikiongeza mavuno, wakulima wataleta, tuseme, tani 100 zaidi kwa kila bei: 300 kwa bei ya 500, 400 kwa bei ya 600. Kanuni inakuwa Q = P − 200. Mstari mzima umehamia kulia, na hapa ndipo ni sahihi kusema ugavi umeongezeka.

Wengi hukwama hatua inayofuata. Mzigo ukizidi, bei hushuka. Wanafunzi wengi huandika kwamba bei iliposhuka ugavi ulipungua tena, wakaurudisha mstari kushoto, na jibu likaanza kuzunguka bila mwisho. Tuifuate hesabu. Mahitaji ya wanunuzi yawe Q = 900 − P. Mwanzoni soko lilitulia kwenye shilingi 600 na tani 300. Baada ya mkunjo kuhama, P − 200 = 900 − P, hivyo bei ni 550 na mzigo ni tani 350. Mstari ulisogea tani 100 kulia, lakini mauzo yaliongezeka tani 50 tu. Zile 50 nyingine zilipotea kwa sababu bei ilishuka kutoka 600 hadi 550, na wauzaji wakateremka juu ya mkunjo mpya, kutoka tani 400 hadi 350. Mkunjo umehama mara moja. Kilichofuata ni kusogea juu yake.

Kosa jingine ni kudhani kwamba bei yoyote ikibadilika, tunasogea juu ya mstari. Inayohusika ni bei ya bidhaa hiyo yenyewe, kwa wakati huo. Alizeti ikipanda bei, baadhi ya wakulima watapunguza shamba la mahindi msimu ujao, na mkunjo wa mahindi utahamia kushoto. Vivyo hivyo wakulima wakitarajia mahindi yatapanda Januari, watafunga maghala leo. Mkunjo wa leo unahama kushoto ingawa bei ya leo haijabadilika.

Kwenye kuchora, tahadhari na maneno juu na chini. Nauli ikiongeza shilingi 50 kwa kila kilo, mkunjo unapanda kwa shilingi 50, na huko kupanda ni upungufu wa ugavi. Ni salama zaidi kusema kulia na kushoto.

Sokoni hakuna anayeuona mkunjo. Tunaona bei na mzigo tu. Bei na mzigo vikipanda pamoja, inaelekea mahitaji ndiyo yaliyohama, na wauzaji wamesogea juu ya mkunjo wao. Bei ikishuka huku mzigo ukiongezeka, inaelekea mkunjo wa ugavi umehama kulia. Mikunjo yote miwili ikihama kwa pamoja, dalili hizi huchanganyika, na hapo ni lazima kuuliza moja kwa moja kuhusu mvua, mbolea, nauli na wanunuzi wapya.