Rufaa ya matokeo: omba kinachoendana na kosa

Matokeo ya muhula yakitoka, ofisi za mitihani za vyuo hapa Mbeya hupokea barua zenye uchungu wa kweli lakini zisizoweza kufanyiwa kazi. Chukua mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeandika hivi:

"Mwalimu amenionea. Nimesoma usiku na mchana, haiwezekani nipate D. Naomba mtihani usahihishwe upya nitendewe haki."

Humo hakuna somo wala kosa. Alipoulizwa, akatoa karatasi zake. Somo ni Takwimu: majaribio mawili ya alama 20 kila moja, na mtihani wa mwisho wa alama 60. Jaribio la kwanza alipata 14, la pili 13. Mfumo wa matokeo ulionyesha majaribio 14, mtihani 24, jumla 38. Yaani jaribio la pili halikuingizwa. Likiingizwa anafika 51, ambayo kwa kanuni za chuo chake ni B.

Barua ile ingefuatwa ilivyo, karatasi ya mtihani ingepelekwa kwa msahihishaji mwingine, na hata akiikuta 24 ileile, jibu lingekuwa "hakuna mabadiliko". Kusahihisha upya hugusa mtihani wa mwisho tu, mara nyingi hulipiwa, na alama inaweza hata kushuka. Wakati huo siku za rufaa zinayoyoma. Ndiyo maana nasisitiza: tafuta kwanza kosa liko wapi, ndipo uandike.

Akaandika upya:

"Mkuu wa Idara,

YAH: KUOMBA MAREKEBISHO YA ALAMA ZA SOMO LA TAKWIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Matokeo yangu yanaonyesha majaribio 14, mtihani 24, jumla 38, daraja D. Alama 14 ni za jaribio la kwanza pekee. Naambatisha nakala ya jaribio la pili nililorudishiwa, lenye alama 13 na saini ya mwalimu.

Naomba alama hizo zihakikiwe kwenye orodha ya mwalimu na kuingizwa, daraja lirekebishwe, na jina langu liondolewe kwenye orodha ya sapu. Kwa heshima, naomba kujibiwa kabla ya tarehe ya sapu.

Wako mtiifu,"

Chini yake jina, namba ya usajili na simu. Neno "amenionea" limeondoka, na si kwa woga. Mwalimu huyohuyo ndiye atakayefungua orodha yake kuhakiki, na hakuna ushahidi kwamba alikusudia.

Peleka nakala mbili masjala. Moja igongwe muhuri wenye tarehe, ubaki nayo. Muda wa rufaa umo kwenye kanuni za mitihani za chuo chako, usome siku matokeo yanapotangazwa. Na kama sapu imefika hujajibiwa, nenda kaifanye, kwa maana barua iliyo mezani haikuhesabii kuwa ulikuwepo chumba cha mtihani.