Grafu ya projektaili imekatwa majina ya mihimili: itest kwa g kabla hujaibishia noti

Wanafunzi wa kidato cha tano wakishaingia kwenye makenika, huku maabara ya fizikia hapa chuoni Mtwara simu zenye noti za kuskani haziishi. Mtu katumiwa PDF kwenye grupu la watsapu toka Masasi au Nachingwea, imeskaniwa na simu, app imejikatia pembeni yenyewe, na kilichoondoka ni pale pale palipoandikwa jina la mhimili. Namba zipo, mchoro upo, ila hujui ule mstari wa chini ni mita au ni sekunde. Na kwenye projektaili hilo si jambo dogo, maana ukikosea hapo kila hesabu inayofuata inakwenda mrama.

Tuichukue noti moja ya aina hiyo tuipekue. Maandishi ya juu yanasomeka vizuri: mpira unapigwa kwa spidi ya 25 m/s, engo 53° kutoka ardhini, g ni 10 m/s², ukinzani wa hewa hauhesabiwi. Chini yake kuna grafu, mchirizi unapanda, unafika kilele kwenye namba 20, unashuka mpaka unagusa mstari wa chini kwenye namba 4. Kwenye mhimili wima imebaki "m)" na vipande vya herufi, kwenye mhimili wa chini zimebaki ncha za juu za herufi basi. Vijana wengi wakiiona wanasema huo ni mpira wenyewe ukiruka, kwa hiyo umetua mita 4 mbele. Wanageuza ukurasa wanakuta jibu la masafa ni mita 60, wanasema ticha kakosea.

Ticha hajakosea. Fanya kwanza hesabu ya maandishi bila kuangalia mchoro, maana maandishi hayakukatwa. Sine ya 53° ni kama 0.8 na kosine ni kama 0.6, kwa hiyo spidi ya kwenda juu ni 20 m/s na ya kwenda mbele ni 15 m/s. Ile ya juu inapungua 10 kila sekunde, so inaisha baada ya sekunde 2, halafu mpira unashuka sekunde 2 nyingine, jumla sekunde 4 hewani. Urefu wa juu kabisa ni 20 × 20 gawanya kwa 2 × 10, yaani mita 20. Masafa ni 15 × 4, mita 60. Mpira wa namna hiyo ukipigwa toka golini pale Nangwanda Sijaona unavuka mstari wa kati, wala hauishii mita 4 ndani ya boksi.

Sa hapo tayari unahisi ile 4 ni sekunde. Lakini kuhisi tu haitoshi, maana kuna noti ambazo hata maandishi yamekatwa umebaki na grafu peke yake, na hapo watu wanakimbilia kuangalia umbo. Umbo halikusaidii kitu. Grafu ya kimo dhidi ya muda na grafu ya kimo dhidi ya umbali zote ni parabola, zote zina ulinganifu kushoto na kulia, na sababu ni kwamba umbali wa mbele ni 15 mara muda, siku zote, hakuna kinachoubana mpira kwenda mbele kama ukinzani wa hewa hauhesabiwi. Yaani ukiichora ya kwanza kwenye mpira wa kufungia mzigo wa bodaboda halafu ukauvuta, unaipata ya pili. Kila kitu kimetanuka sawasawa, so jicho haliwezi kukwambia ipi ni ipi.

Kinachokwambia ni g. Fikiria mpira kuanzia kileleni kuja chini: pale juu kabisa spidi ya kwenda juu ni sifuri, kwa hiyo unaporomoka kama kitu kilichoachiwa tu mkononi, na unatumia nusu ya muda wote wa hewani. Kanuni ya kuporomoka ni H = ½g(T/2)², ukiifungua unapata

```
g = 8H / T²
```

H ni kimo cha kilele na T ni namba ambayo mchirizi unagusia chini. Uzuri wa hii kitu ni kwamba haina engo ndani yake wala haina spidi ya kuanzia, hata kama hujui mpira umepigwaje, grafu ikiwa ni ya muda lazima ikupe karibu 10. Kwenye noti yetu ni 8 × 20 = 160, gawanya kwa 4 × 4 = 16, jibu 10. Imekubali. Mhimili wa chini ni muda kwa sekunde, wa wima ni kimo kwa mita.

Na ile "m)" nayo usiiamini hivi hivi, inaweza kuwa mkia wa sentimita, ile c imeliwa na skana. Test ile ile inalimaliza hilo. Kama 20 ingekuwa sentimita basi H ni mita 0.2, unapata g ya 0.1, na hakuna mpira unaoporomoka kizembe hivyo hapa duniani.

Usitegemee jibu lije 10 kamili kila siku. T inazidishwa yenyewe kwa yenyewe kwa hiyo kosa la kusoma linajirudia mara mbili: ukisoma 3.9 badala ya 4 unapata kama 10.5, ukisoma 4.1 unapata 9.5. Hizo zote ni sawa tu, na kama noti inatumia 9.8 ndo usiseme. Ila ukipata 4 au 0.3 au 60, hapo usijidanganye kwamba umesoma vibaya, hiyo sio grafu ya muda. Kingine, soma namba zilizochapwa kwenye mhimili, usipime kwa rula, maana simu ikishikwa upande karatasi inatoka imepinda na sentimita za kwenye skani hazina maana yoyote.

Hiyo ya rula inanikumbusha kipimapembe. Kuna wanaoweka kipimapembe pale mwanzo wa mchirizi wapime engo waone kama ni 53°. Kwenye grafu ya muda huo mwinuko sio engo ya mpira kabisa, mteremko wa pale mwanzoni ni spidi ya kwenda juu, 20 m/s. Hata kwenye grafu ya umbali kipimapembe kinafanya kazi pale tu ambapo mita moja ya wima imechorwa sawa na mita moja ya ulalo, na noti nyingi haziko hivyo, wanabana ili mchoro uenee kwenye ukurasa.

Haya, ukurasa unaofuata wa noti ile ile. Mchirizi kama ule ule, kilele 20, ila chini unagusa namba 6, jina limekatwa tena. Test: 160 gawanya kwa 36, unapata 4.4. Imekataa, so sio muda. Basi ni umbali, ila mita 6? Kwa grafu ya umbali test yake ni nyingine, tanjenti ya engo ya kurushia ni mara nne ya kimo cha kilele ukigawanya kwa masafa:

```
tan θ = 4H / R
```

Ukiweka R = 6 unapata 13.3, hiyo ni engo ya kama 86°, mpira unakwenda juu karibu wima, wakati noti imesema 53°. Ukiweka R = 60 unapata 1.33, ambayo ndo tanjenti ya 53°. Kwa hiyo kilichokatwa pale mwishoni mwa mhimili ni "×10 m", namba zimeandikwa kwa makumi. Hii ndo inayowatesa watu kuliko zote, kwa sababu jina likikatwa unajua kabisa kuna kitu kimekosekana, lakini ×10 ikikatwa namba zinabaki zimekaa vizuri kama hazina tatizo.

Kama mchoro ni mstari ulionyooka unaoanzia 20, unakata sifuri kwenye 2 na kuishia -20 kwenye 4, usihangaike, hiyo ni spidi ya wima dhidi ya muda na mteremko wake ni -10. Mstari uliolala kwenye 15 ni spidi ya kwenda mbele. Umeisha.

Hii test ina mipaka yake lakini. Ya kwanza, inataka mpira urudi kwenye usawa ule ule ulioanzia. Kama noti ni ya jiwe lililorushwa toka juu ya jabali pale baharini Shangani likatua majini, T ya jumla haifai, anza kuhesabu kileleni: chukua kimo toka kilele mpaka lilipotua, zidisha kwa 2, gawanya kwa muda wa kutoka kilele mpaka kutua uliojizidisha wenyewe. Ile unayopata ndo g.

Ya pili ni mbaya zaidi. Kama spidi ya kwenda mbele ni 10 m/s na mwandishi kaandika umbali kwa makumi ya mita, basi kila sekunde moja ni kumi moja, na grafu mbili zinakuwa na namba zile zile kabisa. Kilele 20, mwisho 4, test inakupa 10, na bado inaweza kuwa umbali wa mita 40. Hapo hesabu haikuokoi, rudi kwenye vipande vya herufi. Mhimili wa chini ukikatwa kwa chini zinabaki sehemu za juu, na herufi t ya kuchapwa inachomoza juu kuliko x. Kwenye mabano m ina vigongo viwili juu na ni pana, s ni nyembamba. Jina la wima kawaida linaandikwa limelala likisomeka kwenda juu, kwa hiyo skana ikila upande wa kushoto inaondoa vichwa vya herufi na kuacha miguu, na y ina mkia, h haina. Tena kuwa makini na s ikiwa nje ya mabano, kwenye noti zetu mara nyingi s ni umbali, na ndani ya mabano ni sekunde.

Kama noti ni za kuandikwa kwa mkono hata hiyo ya herufi haifai sana, maana kila mtu na mwandiko wake. Mtafute aliyeskani mwambie afungue ile faili kwenye app yake, app nyingi zinatunza picha ya mwanzo kabla haijakatwa, avute zile kona nne mpaka ukingo wa karatasi halafu atume tena kama dokumenti, sio kama picha.